"Wewe si uko hapo karibu?" Jinsi ya kumkatalia ndugu anayetaka umtunze mzazi peke yako

Tulipozungumzia habari za kiharusi kwenye kipindi cha asubuhi, simu nyingi zilizoingia hazikuuliza habari za dawa. Ziliuliza habari za ndugu. Mmoja wa waliopiga alikuwa dada wa kijiji kimoja wilaya ya Muheza, na baada ya kipindi tukaendelea kuzungumza naye siku kadhaa. Ameniruhusu niyaandike mambo yake, nami nimebadilisha machache ili asijulikane.

Wao ni wanne. Kaka mkubwa anafanya kazi Dar es Salaam. Dada anayemfuata ni mwalimu Tanga mjini. Yeye ni wa tatu, ameachika, ana watoto wawili wanaosoma, na anauza chai na maandazi njiani. Mdogo wao wa kiume anaendesha bodaboda Korogwe. Mama yao amepita miaka sabini, na aliporudi kutoka hospitali mkono na mguu wa kulia ulikuwa hauna nguvu, maneno yanamtoka kwa shida.

Siku ya tatu kaka akapiga simu. "Mdogo wangu, tumezungumza tumeona wewe ndiye unayefaa kukaa na mama. Wewe si uko hapo karibu? Huna mume wa kumuuliza, na hiyo biashara yako ni ndogo. Sisi tutatuma."

Msikilizaji, liangalie hilo neno "tumezungumza". Walizungumza nani, na yeye alikuwa wapi? Halafu liangalie na hilo "tutatuma". Halina kiasi wala tarehe. Kaka hakuwa na nia mbaya, na nimesikia sauti yake kwa hiyo nasema ninachokijua. Yeye aliona kuna kazi moja ya kugawa, nayo ni hela. Kukaa na mama hakukuhesabu kuwa ni kazi, maana kwenye fikra zake dada yake angekuwa pale pale tu, na mama angekuwa amelala kitandani.

Ndiyo maana nilimwomba dada yule asijibu siku hiyo. Nilimwomba achukue daftari, na kwa siku saba aandike kila anachomfanyia mama na kila shilingi inayotoka. Ukitaka kukataa jambo kama hili bila kuonekana unamkataa mama, lazima kwanza ujue unakataa nini hasa.

Daftari lilionyesha hivi. Kumwogesha mama na kumbadilisha, asubuhi na jioni, ni kama saa mbili kwa siku. Kumlisha ni saa mbili nyingine, kwa sababu mtu aliyepata kiharusi mara nyingi humeza kwa shida. Anakalishwa wima, anapewa kidogo kidogo, na akimaliza habaki amelala mara moja, anakaa kama nusu saa ili chakula kisipite njia ya pumzi. Kufua ni saa nzima. Kumnyoosha mkono na mguu kama walivyoelekezwa hospitali ni nusu saa. Hizo ni saa tano na nusu mchana.

Usiku ndipo penye kazi ambayo kaka wa Dar hawezi kuiona. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana, ubavu huu, mgongo, ubavu ule. Asipogeuzwa, nyama inayokandamizwa kati ya mfupa na godoro hukosa damu na huanza kufa. Vidonda hutokea juu ya makalio, kwenye nyonga na kwenye visigino. Kwa ngozi nyeusi usisubiri wekundu. Tazama sehemu iliyokuwa nyeusi zaidi ya jirani yake, na uguse usikie kama ni ya moto zaidi au ngumu zaidi. Ukikuta hivyo, huenda kidonda kimeshaanza chini hata kama juu ngozi ni nzima. Kwa hiyo dada yule alikuwa akiamka saa sita, saa nane na saa kumi, na ile ya saa kumi ndiyo saa aliyokuwa akiamka zamani kukanda unga.

Maandazi yalikwendaje? Wiki ile alifungua meza siku mbili tu. Siku ya kawaida faida yake ni shilingi 7,000, kwa hiyo siku tano alizofunga alipoteza 35,000. Matumizi ya mama wiki hiyo yalikuwa pampasi za wakubwa 18,000, sabuni 4,000, dawa moja iliyokosekana kituoni 9,000, na bajaji ya kwenda na kurudi 6,000. Jumla 37,000. Ukijumlisha na alichopoteza unapata 72,000 kwa wiki moja. Kaka alikuwa ametuma 30,000, bila ya kutolea, na kwa moyo mweupe kabisa akadhani mwezi umetulia.

Sasa lile la kukataa lenyewe. Watu wengi hukosea hapa kwa kujibu kwenye simu ile ile, wakiwa na hasira, na wakaanza kutaja ya nyuma: nani alisomeshwa, nani hakuja msibani kwa baba. Ukishafika huko umepoteza, maana mazungumzo hayahusu tena mama. Wengine hukubali kwa mdomo na kukataa kwa vitendo. Wanakaa na mama huku wamenuna, na mama anajua. Mzee hata kama maneno hayamtoki, masikio yanasikia.

Dada yule alimwandikia kaka yake ujumbe, tukausoma pamoja kabla hajautuma. Ulikuwa hivi:

"Shikamoo kaka. Nimeyasikia mliyozungumza na dada. Mama ni wetu sote, simkatai. Ninalokataa ni kumtunza peke yangu, kwa sababu sitaweza na mama ataumia. Naomba Jumapili saa kumi tukutane, mwenye nafasi aje nyumbani, aliye mbali awe kwenye simu. Nimemwomba mjomba awepo. Kila mmoja aje na siku zake na kiasi chake. Mpaka Jumapili hiyo nipo naye."

Ni mfupi, na ufupi huo ulimgharimu. Alitaka kuandika kurasa tatu. Mwisho alikubali kwamba daftari litasema Jumapili, ujumbe uiite tu Jumapili yenyewe. Sentensi ya mwisho ndiyo niliyoipenda. "Mpaka Jumapili hiyo nipo naye" inamhakikishia kila mtu kuwa mama hatalala na njaa kwa sababu ya ubishi wao, na papo hapo inaweka mwisho. Bila tarehe, kukataa kwako hugeuka kukubali pole pole, kwa sababu kesho mama ataamka na atahitaji kuogeshwa, nawe ndiye uliyepo.

Kwa nini mjomba? Huku kwetu mdogo hamwambii mkubwa "hapana" mbele ya watu bila ya kuwa na mkubwa mwingine wa kulipokea neno lake. Mjomba ni ndugu wa mama mwenyewe, hivyo hawezi kuambiwa hamjali. Kwa Wadigo, ambao tangu zamani ukoo wa upande wa mama una uzito, neno lake linakwenda mbali zaidi. Kama hakuna mjomba, mama mkubwa au mama mdogo anatosha. Mpigie siku mbili kabla umweleze, usimshtukize kikaoni.

Jumapili ilipofika maneno yalikuwa yale yale ambayo wewe pia huenda umeyasikia. Nitayataja mawili tu, kwa kuwa ndiyo yanayowakata watu miguu.

La kwanza ni radhi. Dada wa Tanga mjini alisema, "Ukimkataa mama utakosa radhi zake." Kama ulilelewa pwani, neno hili linakuingia tumboni. Jibu lililotolewa, na lilitoka kwa mjomba, ni kwamba mama amezaa wanne, na radhi zake kila mmoja anazitafuta mwenyewe, hapewi kwa mkono wa mdogo wake. Dada wa tatu hakulijibu kabisa. Alifungua daftari akalisoma siku moja moja. Alipofika usiku wa Jumatano, ambao mama alichafuka mara mbili na maji yalikuwa yamekwisha kwenye ndoo, dada mkubwa aliinama.

La pili ni nyumba. Kaka alisema kwenye simu, "Wewe tulia na mama, nyumba hiyo itabaki yako." Hapo, msikilizaji, kuwa na tahadhari. Nyumba ni ya mama na mama yu hai. Mtoto hawezi kuigawa. Kwa familia ya Kiislamu kama hii, mama akifariki kila mrithi ana fungu lake linalojulikana, na hata wasia wa kumwongezea mrithi mmoja hausimami mpaka warithi wengine waridhie. Kama mama anataka kumpa mmoja nyumba, anampa hiba akiwa hai na akili zake timamu, mbele ya mashahidi, na anamkabidhi. Ahadi ya kaka kwenye simu haimo katika hayo. Imewahi kuwaacha watu wamefua miaka sita na siku ya arobaini wanaambiwa wahame. Dada yule alisema hataki nyumba, anataka usiku wa kulala.

Kisha likaja pendekezo ambalo huonekana la haki kabisa: mama azungushwe. Miezi mitatu Muheza, mitatu Tanga, mitatu Dar. Mimi silipendi, na nitaeleza kwa nini. Mzee aliyepata kiharusi huijua nyumba yake kwa mikono, anajua ukuta uko wapi na kizingiti kiko wapi. Ukimpeleka nyumba ngeni huchanganyikiwa, hasa usiku, na hapo ndipo wengi huanguka. Kliniki mpya hawana faili lake. Majirani waliokuwa wakipita kumjulia hali hawapo. Na huko anakokwenda mara nyingi anayemhudumia si mtoto wake, ni mke wa mtoto wake, ambaye hakuwepo kikaoni wala hakuulizwa. Kaka wa Dar alikuwa tayari amemjibia mkewe. Mjomba akamwambia ampe simu mkewe aseme mwenyewe, na kaka akakohoa.

Mama naye aliulizwa. Hili familia nyingi hulisahau, hukaa sebuleni wakamgawa kama shamba wakati yeye yuko chumba cha pili. Walimkalisha, wakamuuliza maswali mafupi ya ndiyo na hapana, maana ya kutikisa kichwa anayaweza. Unataka kwenda Dar? Hapana. Tanga? Hapana. Unataka kubaki hapa? Akatikisa kichwa ndiyo. Basi wakaafikiana kwamba mama abaki mahali pamoja na wazunguke watoto.

Mgawanyo wao nauandika ulivyo. Usiuchukue kama sheria, ila uone namna kila kazi ilivyopata jina la mtu na siku yake.

Kaka wa Dar anatuma 120,000 kila mwezi kabla ya tarehe 5, pamoja na ya kutolea. Kiasi hicho hakikuokotwa hewani. Pampasi kwa wiki nne ni 72,000, sabuni 16,000, na 32,000 zinazobaki ni za dawa zinazokosekana na bajaji. Hela inaingia kwenye laini moja tu, ya dada wa Muheza, naye anaandika matumizi na kupiga picha ukurasa wa daftari kila Jumapili. Picha hiyo imewaokoa na manung'uniko mengi ya "hela zinakwenda wapi".

Dada mwalimu anakuja wikiendi mbili kwa mwezi, Ijumaa jioni mpaka Jumapili jioni, na wiki moja nzima kila likizo ya shule. Akifika, yeye ndiye mwenye mgonjwa, usiku na mchana. Mdogo wake haamshwi. Wiki za mwanzo alikuja kama mgeni, akaleta samaki na kukaa jamvini kupiga soga, na ilibidi aambiwe. Aliambiwa hivi: "Dada, samaki asante, lakini leo usiku wa saa sita ni wako." Hakukasirika.

Mdogo wa kiume alianza kwa kusema yeye ni mwanamume, hawezi kumwogesha mama. Ni kweli, na aibu hiyo ni ya kuheshimiwa, mama mwenyewe asingekubali. Lakini kuogesha ni saa mbili kati ya siku nzima. Kunyanyua, kugeuza akiwa amesitiriwa kwa kanga, kulisha, kuchota maji na kulala chumba cha pili usiku, hakuna aibu humo. Yeye alipewa siku ya kliniki. Anafika jioni yake, analala pale na kuchukua zamu ya kumgeuza mama, asubuhi anampeleka kwa bajaji, maana mgonjwa asiyejishikilia hapandishwi bodaboda hata dereva awe mwanawe. Na siku moja aliyokuja alichimbia miti miwili chooni iwe ya kushikilia, akatoboa kiti cha mbao kikawa cha kukalia. Kazi ya saa tatu hiyo, na imempunguzia dada yake kuinama kila siku.

Palibaki asubuhi, zile saa za maandazi. Walikubaliana kumlipa binti wa jirani 60,000 kwa mwezi akae na mama kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa tatu. Mwalimu anatoa 30,000 na wa bodaboda 30,000. Dada wa Muheza hachangii hela, na mjomba ndiye aliyelisema hilo wazi ili lisije likarudi: mchango wake ni siku zote nyingine zilizobaki.

Kuna hela moja ambayo familia ilikuwa inaitoa bila sababu. Sera ya afya inasema mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo anatibiwa bila malipo kwenye vituo vya serikali. Lakini hapewi kwa kufika tu na mvi, lazima atambuliwe, na kazi hiyo huanzia serikali ya kijiji. Mtu mmoja lazima aifuatilie, na akiachiwa yule anayeosha na kufua haitafanyika. Alipewa mdogo wa kiume kwa sababu ana chombo cha usafiri. Mjue tu kwamba kutolipia hakumaanishi dawa ipo. Ikikosekana mtanunua, ndiyo maana zile 32,000 zikabaki kwenye hesabu. Pensheni ya wazee wote kama ile iliyoanza Zanzibar mwaka 2016 kwa wenye miaka 70 na kuendelea huku bara haipo, kwa hiyo mama wa kijijini ambaye hakuajiriwa hana kinachoingia mwisho wa mwezi.

Makubaliano yakaandikwa kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lile lile, wakasaini, wa Dar akatumiwa picha. Waliweka miezi mitatu, halafu wakutane tena. Muda huo una maana, kwa kuwa hali ya mgonjwa wa kiharusi hubadilika. Akianza kukaa mwenyewe kazi ya usiku inapungua, akipata kiharusi cha pili inaongezeka, na mgawanyo wa mwezi wa kwanza haufai tena.

Je, ulishika? Mwezi wa kwanza ndiyo. Mwezi wa pili hela ya Dar ilichelewa siku tisa, na ikatanguliwa na yale maneno mnayoyajua, "nitatuma Jumamosi." Walikuwa wamelitarajia hilo. Waliandika kwamba asiyetuma mpaka tarehe 10 atakuja mwenyewe wikiendi hiyo kushika zamu. Kaka akaja. Alilala chumba cha pili siku mbili, akamgeuza mama saa sita, saa nane na saa kumi, na Jumapili aliporudi Dar alituma ya mwezi ule na ya mwezi unaofuata.

Wako wasikilizaji ambao ndugu zao hawatakuja hata wakiitwa na mjomba. Hao nawaambia waende kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ambaye anaweza kuwaita ndugu na kusuluhisha. Wasitarajie kwamba serikali itamchukua mama. Makazi ya wazee kama ya Mwanzange, Tanga, ni kwa wale wasio na mtu kabisa, na Sera ya Taifa ya Wazee inaiweka familia kuwa mtunzaji wa kwanza. Ila familia kwa maana hiyo si mtu mmoja, na hilo unaweza kulisema mbele ya afisa bila kumwonea mtu haya.

Nilipompigia dada yule juzi kumsomea makala hii, alisema nimekosea kitu kimoja. Mama sasa anageuka mwenyewe ubavu wa kushoto, kwa hiyo ile ya saa nane wameifuta.